Alimtambua, lakini ameachiwa: shaka inayomwachia mshtakiwa ni shaka gani?

*"Usiku saa mbili na nusu vijana watatu wenye panga walivamia duka letu, wakabeba mauzo na simu. Mke wangu alimtambua mmoja, kijana wa mtaa wa pili. Juzi hakimu amemwachia huru, eti Jamhuri imeshindwa kuthibitisha pasipo kuacha shaka. Ina maana mke wangu ni mwongo? Na kwa nini sisi tulioibiwa ndio tuthibitishe, wakati yule kijana kashindwa hata kueleza alikuwa wapi?"*

Pole sana, ndugu yangu, wewe na mama wa nyumbani. Nianze na lile linalouma zaidi: hapana, hukumu ya namna hiyo haimaanishi kwamba mkeo ni mwongo. Mahakama inaweza kumwamini shahidi kwamba anasema kile anachoamini kwa moyo wote, na bado ikasema haina uhakika kwamba macho yake hayakukosea. Shahidi mkweli anayekosea ndiye anayewapa mahakimu kazi ngumu kuliko shahidi mwongo. Mwongo hubanwa na maswali ya dodoso akayumba. Mkweli aliyekosea hayumbi, kwa sababu hana anachokificha.

Hukumu yenyewe sijaisoma, kwa hiyo nitakueleza jinsi mahakama zetu za Tanzania zinavyopima kesi ya aina hii, ukiisoma uone yenu ilikwama wapi.

Kwanza, si ninyi mliotakiwa kuthibitisha. Katika kesi ya jinai mwenye kesi ni Jamhuri, na ninyi ni mashahidi wake. Ndiyo maana hati ya mashtaka husomeka "Jamhuri dhidi ya fulani", wala jina lako halikai pale juu. Wakili wa Serikali ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha, na anaubeba tangu shahidi wa kwanza hadi wa mwisho. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshitakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye kosa mpaka itakapothibitika kuwa anayo hatia. Sheria ya Ushahidi, katika kifungu cha 3, inataja kiwango cha uthibitisho huo, nacho ndicho kinachobishaniwa hapa.

Kwa nini mzigo wote uwe upande mmoja? Tazama nguvu za pande mbili. Jamhuri ina polisi wa kukamata na kupekua, ina Mkemia Mkuu, ina uwezo wa kupata kumbukumbu kutoka kampuni za simu. Mshtakiwa wa unyang'anyi wa kutumia silaha hana dhamana, kwa hiyo anaandaa utetezi wake akiwa mahabusu. Akitiwa hatiani, adhabu ya chini kabisa ni miaka 30. Sasa mwambie mtu huyo athibitishe kwamba saa mbili na nusu ya usiku fulani, miezi minane iliyopita, hakuwa dukani kwako. Wengi wetu tusio na hatia tungeshindwa, maana usiku wa kawaida hauachi risiti. Mtu alikula, akalala, basi.

Msimamo huu tumeurithi katika sheria za Kiingereza, na hata huko ilibidi upiganiwe. Mwaka 1934 kijana wa shambani aitwaye Reginald Woolmington alishtakiwa kwa kumuua mkewe kwa bunduki. Alidai bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya. Jaji aliliambia jopo la raia waliokuwa wakiamua kesi kwamba, ikishathibitika kuwa risasi yake ndiyo iliyoua, ni juu yake kuthibitisha kwamba ilikuwa ajali. Akahukumiwa kunyongwa. Mwaka 1935 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilifuta hukumu ile na kusema kwamba mshtakiwa hana wajibu wa kuthibitisha kuwa hana hatia, inatosha maelezo yake yaibue shaka. Mahakama za Afrika Mashariki zimeufuata msimamo huo miaka yote hii.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe, shaka. Kiswahili cha mahakamani kimezoea kufupisha: "pasipo kuacha shaka". Ufupisho huo umewapotosha wengi, wakadhani shaka yoyote, hata ya kufikirika tu, inamtoa mtu. Sivyo. Sheria inazungumzia shaka yenye sababu, ile ambayo hakimu anaweza kuonyesha kwa kidole ilikotoka: kwenye jibu la shahidi, kwenye kielelezo, au kwenye jambo lililopaswa kuwapo na halikuwapo. Mwaka 1947 jaji Denning wa Uingereza alilifafanua hili katika kesi iliyohusu pensheni ya askari, na maelezo yake yananukuliwa mpaka leo. Alisema uthibitisho wa jinai si lazima uwe wa yakini kabisa, kwa kuwa sheria ingeshindwa kuilinda jamii kama ingekubali mambo ya kubuni yapotoshe haki. Kama kinachobaki ni uwezekano wa mbali, ambao mtu anaweza kuuondoa kwa kusema "inawezekana, ndiyo, lakini haielekei hata kidogo", basi kesi imethibitika.

Kwa hiyo wakili wa utetezi akisema "huenda mshtakiwa ana pacha asiyemjua", hiyo haiwi shaka yenye sababu. Akisema "shahidi mwenyewe amekiri taa ilikuwa imezimika", hiyo ni shaka yenye sababu. Ya kwanza imetoka kichwani mwa wakili, ya pili imetoka kinywani mwa shahidi.

Na mahakama haipimi kesi kwa jumla jumla, kwamba "inaelekea kweli". Inaligawa kosa vipande. Kwa unyang'anyi wa kutumia silaha lazima ithibitike kwamba mali iliibwa, kwamba aliyeiba alikuwa na silaha, kwamba mtu alitishwa au kuumizwa wakati wa wizi au karibu kabisa na wakati huo, na kwamba aliyefanya hayo ni huyu aliyesimama kizimbani. Bila shaka vipande vitatu vya mwanzo kwenu vilithibitika vizuri. Nani atakataa kwamba mliporwa? Lakini vipande vitatu vizuri havikopeshi nguvu cha nne. Kikilegea kimoja, shtaka zima limeanguka. Na kesi za uporaji wa usiku mara nyingi hulegea hapo hapo, kwenye utambuzi.

Rejea kubwa hapa ni kesi ya Waziri Amani, ambayo Mahakama ya Rufani iliiamua mwaka 1980. Humo ilielezwa kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kuliko aina nyingine, na mahakama isiutegemee mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Ikataja mambo ya kuangalia: shahidi alimwona mtu huyo kwa muda gani, umbali ulikuwa kiasi gani, mwanga ulikuwaje, na kama alimjua kabla.

Tuchukue duka la mfano tuone. Mwenye duka, tumwite Mama Asha, anaeleza hivi mbele ya hakimu: "Waliingia watatu. Kulikuwa na taa ya umeme. Nilimtambua mshtakiwa, namfahamu, ni wa mtaa wetu." Anakaa. Mtu wa kawaida ataona ushahidi umekamilika. Hakimu anaona matundu.

"Kulikuwa na taa" haitoshi. Mahakama ya Rufani imesema zaidi ya mara moja kwamba shahidi aeleze mwanga ulikuwa na nguvu kiasi gani na uliangaza eneo la ukubwa gani. Taa ya sola yenye balbu ndogo juu ya mlango ni tofauti na taa ndefu ya umeme katikati ya dari. Taa ikiwa nyuma ya mtu, uso wake uko kivulini. Tochi ikimulikwa machoni mwako, wewe ndiye unayeonekana, wao huwaoni. Wakili wa utetezi anauliza, "Tochi walikuwa nayo?" Mama Asha anajibu, "Walinimulika usoni, nikalala chini." Jibu hilo moja limefungua mlango. Alimwona mtu kwa muda gani kabla ya kulala kifudifudi? Sekunde tatu? Dakika mbili? Wakili wa Serikali hakuuliza, na hakimu haruhusiwi kujaza jibu kwa kubahatisha.

"Namfahamu" nalo lina nguvu, lakini lina mpaka. Kumtambua unayemjua kunaaminika zaidi kuliko kumtambua mgeni, na mahakama inakubali hivyo. Lakini Mahakama ya Rufani imekumbusha pia kwamba watu hukosea hata kwa ndugu na marafiki zao wa karibu. Mfikirie mtu uliyempungia mkono barabarani, aliposogea ukakuta siye. Barabarani unaomba radhi mnacheka. Kwa hiyo swali linalofuata ni kwamba alimfahamu kwa kiasi gani: ni mteja wa kila siku, au kijana anayempita njiani mara moja kwa mwezi? Aliwahi kusikia sauti yake?

Kisha linakuja jambo ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko taa: alimtaja lini? Mahakama ya Rufani inasema shahidi kumtaja mshukiwa mapema kabisa apatapo nafasi ni uthibitisho muhimu wa kuaminika kwake, na kuchelewa bila maelezo kunapaswa kuizindua mahakama ihoji kwa nini. Majirani walipofika dukani dakika kumi baadaye, Mama Asha alisema nini? Kama alisema "ni fulani, mtoto wa fulani", na jirani akaja mahakamani kueleza hivyo hivyo, ushahidi umepata mguu wa pili. Kama aliwaambia "sijui ni akina nani, wameniua jamani", kisha jina likajitokeza siku tano baadaye polisi, pengo limeingia. Huenda aliogopa, na woga ni sababu halali kabisa, lakini ni lazima yeye mwenyewe aulizwe mahakamani na aeleze. Woga usiosemwa kwenye kumbukumbu za kesi haumsaidii.

Maelezo ya polisi nayo huleta balaa. Shahidi aliyepigwa, anayetetemeka, anaandikiwa maelezo usiku ule na askari mwenye haraka. Askari anaandika "watu watatu wasiofahamika", kwa sababu ndivyo alivyozoea kuandika. Mama Asha anaweka sahihi bila kusomewa. Miezi minane baadaye karatasi ile inatolewa mahakamani: "Hapa ulisema hukuwafahamu, leo unamfahamu. Tuamini lipi?" Si kila tofauti inaangusha kesi. Akisema saa mbili na nusu leo na saa tatu kasoro kule, au akikosea rangi ya shati, hizo ni tofauti ndogo zinazotokana na kumbukumbu ya binadamu, na mahakama huziacha. Inayoua ni tofauti inayogusa mzizi wa kesi, na kwenye utambuzi, "namfahamu" dhidi ya "simfahamu" ndio mzizi wenyewe.

Kumbe basi ushahidi ule ule wa mtu mmoja ungeweza kutosha. Sheria yetu haitaji idadi ya mashahidi. Mama Asha peke yake, akieleza kwamba taa ndefu ya umeme ilikuwa juu ya kaunta, duka lina upana wa hatua nne, mshtakiwa alisimama mbele yake akidai funguo kwa dakika kama tatu bila kufunika uso, ni mteja anayemuuzia vocha kila siku, na alimtaja kwa balozi usiku ule ule, anaweza kumtia mtu hatiani kwa miaka 30. Kinachotenganisha kesi hizi mbili mara nyingi si ukweli wa shahidi, ni maswali aliyoulizwa na aliyemwandikia maelezo na aliyemwongoza kizimbani. Hilo linasikitisha, na linarekebishika.

Simu iliyoibiwa ingeweza kuziba pengo, kama ilipatikana. Mtu akikutwa na mali iliyoibwa muda mfupi uliopita, mahakama inaweza kukisia kwamba ndiye mwizi, isipokuwa atoe maelezo yanayoingia akilini. Lakini hapo pia kuna vipande: mali imekutwa kwake kweli, imetambuliwa bila utata kuwa ya mlalamikaji, imeibwa karibuni, na ndiyo inayotajwa kwenye hati ya mashtaka. Kusema "ni simu yangu, nyeusi, ina mkwaruzo" ni udhaifu, maana simu nyeusi zenye mkwaruzo ni nyingi. Namba ya IMEI, yenye tarakimu 15, ndiyo inayoitenganisha na nyingine zote. Andika leo namba za simu zenu: bonyeza *#06#, namba itatokea kwenye kioo, iandike kwenye daftari pamoja na risiti. Polisi nao wanatakiwa kuonyesha simu ilivyosafiri, nani aliikamata, nani aliitunza, nani aliileta mahakamani. Mlolongo huo ukikatika, wakili wa utetezi atauliza kama simu iliyoko mezani ndiyo iliyokamatwa, na swali hilo litakuwa na sababu.

Nije sasa kwenye hoja yako kwamba kijana alishindwa kueleza alikuwa wapi. Mshtakiwa hatiwi hatiani kwa udhaifu wa utetezi wake. Anatiwa hatiani kwa nguvu ya ushahidi wa Jamhuri. Hakimu anaweza kuandika kwenye hukumu kwamba hakuamini neno hata moja la utetezi, na mstari unaofuata akamwachia. Inaonekana kama kujipinga, lakini fuata mantiki yake: kama Jamhuri imefikisha ndoo nusu, uongo wa mshtakiwa hauwezi kuijaza. Unaweza kuongeza uzito kwenye ushahidi ambao tayari umesimama, hauwezi kusimama mahali pake. Na mtu asiye na hatia naye hudanganya. Huenda alikuwa mahali asipotaka mkewe ajue.

Hata akidai alikuwa kijiji kingine usiku ule, hawajibiki kuthibitisha kwamba alikuwa huko. Sheria inamtaka atoe taarifa mapema ya utetezi huo ili Jamhuri ipate nafasi ya kuuchunguza, na asipotoa, mahakama inaweza kutoupa uzito wowote. Mzigo haujahama. Yako machache ambayo kweli huwa juu yake, kama kudai alikuwa na ugonjwa wa akili alipotenda kosa, na hata hapo anapimwa kwa mizani nyepesi ya madai, yaani lipi linaelekea zaidi kuliko jingine.

Huenda pia mlisikia hakimu akisema mshtakiwa "ana kesi ya kujibu", mkadhani mambo yamekwisha. Uamuzi ule hutolewa Jamhuri inapofunga ushahidi wake, na swali lake ni dogo: kama mshtakiwa asiposema lolote, je, ushahidi uliopo unaweza kumtia hatiani? Kupima kama kweli unamtia, kwa kiwango kile cha juu, hufanyika mwisho, pande zote zikishasikilizwa.

Cha kufanya sasa ni kuomba nakala ya hukumu pale mahakamani. Tafuta aya ambayo hakimu anataja shaka yake. Kama anasema tu "kuna shaka" bila kuonyesha ilikotoka, au kama ameruka ushahidi uliokuwapo, kwa mfano wa jirani aliyetajiwa jina usiku ule, hiyo ni hoja ya rufaa. Ninyi wenyewe hamwezi kukata rufaa, kwa kuwa kesi ni ya Jamhuri. Anayeweza ni Mkurugenzi wa Mashtaka, na kusudio la rufaa linatakiwa liwasilishwe ndani ya siku 30 tangu kuachiwa. Kwa hiyo nendeni mapema ofisi ya mashtaka ya wilaya au mkoa, mkiwa na nakala hiyo au hata namba ya kesi tu, na muwaonyeshe aya yenyewe. Rufaa isipokatwa, au ikikatwa ikashindwa, hawezi kushtakiwa tena kwa tukio hilo hilo. Lakini wale wengine wawili hawajaguswa na hukumu hii, na siku wakipatikana, maelezo ya mkeo yatahitajika tena. Akae sasa, kichwa kikiwa kimetulia, akumbuke vizuri: taa ilikuwa wapi, yeye alikuwa wapi, aliwaona kwa muda gani, na ni nani wa kwanza aliyemwambia, kwa maneno gani. Asilolikumbuka aseme halikumbuki.